Viatu vya kuchomeka mguu kwa mtu anayevua mara ishirini kwa siku: vyangu vyote vinakufa kisigino

FundiBaridi_Unguja
Assalaam alaykum wakuu, na wengine wote habari zenu.

Mimi ni fundi viyoyozi hapa Unguja. Kwa siku naingia nyumba nne mpaka sita, na kila nyumba natoka na kuingia mara kadhaa, kwa sababu kiyoyozi nusu yake iko chumbani na nusu iko nje ukutani. Viatu vinabaki mlangoni, hilo halina mjadala huku kwetu. Ongeza adhuhuri, alasiri na magharibi msikitini. Juzi nilihesabu kwa makusudi tangu asubuhi hadi isha: nimevua na kuvaa mara 23.

Kandambili siwezi. Napanda ngazi, nabeba mtungi wa gesi, na chini kunakuwa na vipande vya shaba nilivyokata, vikali kama wembe. Kwa hiyo natumia simpo za kuchomeka mguu. Tangu mwaka uanze nimeshanunua mbili, elfu thelathini na tano kila moja, na zote zimeisha vilevile: nyuma pamelala, kisigino kinakaa juu ya kiatu badala ya kukaa ndani. Soli bado nzima kabisa. Inaniuma kutupa kiatu chenye soli nzima.

Nataka kujua ninunue kiatu cha aina gani, au kama kuna namna ya kukitengeneza kinachokufa.

KijanaWaIlala
Mkuu hilo dogo. Nunua namba moja zaidi ya mguu wako. Kama unavaa 42 chukua 43. Mguu unaingia wenyewe bila kulazimisha, kisigino hakikanyagwi. Mimi mwaka wa pili huu nafanya hivyo.

Ummu_Sabra
Pole kaka. Kwenye msikiti wa mtaani kwetu mume wangu kapotelewa mara mbili, mara ya pili ilikuwa Ijumaa akarudi nyumbani pekupeku saa nane mchana, lami inawaka. Tangu siku hiyo namtilia alama ya uzi mwekundu ndani ya kiatu, pale kwenye ulimi. Viatu vyeusi vinafanana sana, wengi hawaibi, wanakosea tu. Jaribu na wewe.

FundiBaridi_Unguja
Ahsante dada, ila vyangu havipotei. Vinaharibika nyuma. Hata hivyo wazo la uzi nimelichukua.

MshonaSoli_Tanga
Wa alaykumu salaam. Mimi ni fundi viatu, nilianza kushona mwaka 1998. Kabla sijakuambia ununue nini, nijibu mambo matatu. Kwanza, pamelala mguu gani zaidi, kulia au kushoto? Pili, tazama soli kwa nyuma, kwenye ncha ya kisigino: imeanza kuachia popote? Tatu, chana bitana ya kile kiatu kilichokufa zaidi, uangalie katikati ya bitana na ngozi kumewekwa nini.

FundiBaridi_Unguja
Nimekaa barazani nimevichana sasa hivi. Kulia ndiko kulikolala kabisa, kushoto kumelegea kidogo. Soli ya kushoto imeachia nyuma, naweza kuingiza ukucha, ya kulia iko sawa. Ndani nimekuta kitu cha kijivu kama boksi lililoloa likakauka. Nikikibonyeza kinavunjika vipande.

Umejuaje kwamba soli itakuwa imeachia?

MshonaSoli_Tanga
Ndugu yangu, mguu wako umeniambia. Wewe unafuata sunna: unavaa kuanzia kulia na unavua kuanzia kushoto. Sasa unapofika mlangoni mikono imejaa vifaa, unakanyaga nyuma ya kiatu cha kushoto kwa ncha ya kile cha kulia ili mguu uchomoke. Pale unavuta soli na kiatu kwa pamoja, gundi ya nyuma inachoka, soli inaachia. Kiatu cha kulia unakivua wa mwisho, mguu wa kushoto ukiwa mtupu, kwa hiyo hakiumizwi hivyo. Lakini wakati wa kuvaa kulia ndiko kunakotangulia, umesimama, una haraka, unasukuma mguu na kisigino kinashuka juu ya ukingo wa nyuma na uzito wako wote. Cha kushoto unakivaa ukiwa umeshatulia. Ndiyo maana kulia kumelala zaidi.

Ila kukanyaga peke yake hakuui kiatu upesi hivyo. Kinachokiua ni hicho cha kijivu. Ule ugumu wa nyuma unaoshika kisigino hauko kwenye ngozi, uko kwenye kipande kilichofichwa kati ya ngozi na bitana. Kwenye kiatu kizuri kipande hicho ni ngozi nene iliyokaushwa juu ya kalibu, au plastiki inayopinda na kurudi. Kwenye kiatu cha bei nafuu ni karatasi iliyoshindiliwa. Ikiwa kavu ni ngumu, dukani utaisifu. Wewe unatawadha, unatoka na miguu inachuruzika maji mpaka kwenye vifundo, unaitumbukiza kwenye kiatu. Maji yanashuka nyuma, bitana inayanywa, karatasi inalainika. Halafu unaikanyaga ikiwa laini. Kesho inakauka ikiwa imeshapinda, na ikishapinda hairudi tena. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, miezi miwili ni mingi.

Kwa hiyo unaponunua usitazame ngozi ya juu, shika nyuma. Weka dole gumba kwenye ukingo wa juu wa kisigino, pale panapogusa mshipa, usukume kuelekea ndani na chini mpaka upinde, kisha uachie. Plastiki nzuri inaruka kurudi mahali pake bila alama. Karatasi inarudi polepole au inabaki na mkunjo, na mara nyingine utaisikia inalia kama boksi. Muuza duka akikukataza usifanye hivyo, rudisha kiatu uondoke.

KijanaWaIlala
Mzee maelezo mazuri, lakini bado nasema namba kubwa inamaliza yote. Usipokanyaga, hata karatasi inadumu.

MshonaSoli_Tanga
Upande mmoja umesema kweli. Kiatu kinachobana lazima utakikanyaga, hilo halina ubishi. Lakini kutoka 42 kwenda 43 unaongeza urefu wa karibu milimita 7 tu, na urefu sio shida yake. Mguu unakwama kwenye mdomo wa kiatu, pale unapopita juu ya unyayo. Kiatu kikiwa kirefu, mguu unateleza mbele na kurudi, kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakosugua bitana ya nyuma mpaka itoboke. Tazama ndani ya viatu vyako nyuma, kama havijatoboka nitafuta kauli.

Tena huyu anapanda ngazi. Kiatu kikichomoka kisigino kwenye ngazi mita tatu juu, hatutazungumzia viatu tena.

KijanaWaIlala
Nimeangalia. Bitana imeisha kweli, pande zote mbili, sponji inaonekana. Lakini mimi kazi yangu ni ya kukaa dukani, kwangu bado inanifaa.

MwalimuWaChuo_Msa
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nasomesha watoto chuoni, navua na kuvaa siku nzima, na kwa miaka mingi sijavaa chochote isipokuwa makubadhi ya ngozi. Hakuna nyuma ya kukanyaga, basi hakuna cha kufa. Mguu waingia, watoka, mikono haishughuliki. Hata mabibi zetu walikuwa na mitawanda ya mti ya kuendea chooni na kutawadhia, kijiti kimoja tu kati ya vidole, na ilikuwa ikikaa miaka. Nawaona vijana wanahangaika na viatu vya kufunika mguu mzima katika joto hili, nashindwa kuelewa.

Moja tu la kuchunga: makubadhi ya ngozi yasiloe. Mimi natawadha na ndara za msikiti, nafuta miguu, ndipo navaa. Ngozi ikishiba maji yanyooka, ukanda walegea, halafu yanakuwa yanakupiga kisigino barabarani pa, pa, pa.

FundiBaridi_Unguja
Mwalimu nakuheshimu, na makubadhi ninayo ya Ijumaa na ya harusini. Kazini ndipo siwezi. Mwaka jana kipande cha shaba kiliingia kati ya vidole nikiwa na kandambili, nikashonwa nyuzi tatu.

MwalimuWaChuo_Msa
Pole sana mwanangu. Hapo huna budi ufunike mguu.

Nesi_Morogoro
Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme la mama yangu, kwa sababu wengi mna wazazi. Mama ana sukari, miguu imepungua hisia. Yeye pia anavua mara nyingi, jirani kwa jirani, msikitini, jikoni. Alikuwa anavaa kandambili kwa kuwa ni rahisi. Ukanda ukamsugua kati ya kidole gumba na cha pili, hakusikia kitu, mpaka siku nilipoona doa la damu kwenye mkeka. Kidonda kile tulikiuguza miezi minne.

Mtu wa namna hiyo asitafute urahisi wa kuvua kwanza. Kiatu kiwe cha kufunika vidole, kipana mbele, na kifungwe kwa ukanda wa kubandika juu, ule unaolia chrii ukiubandua. Unafunguka kwa mkono mmoja na mguu haulazimishwi. Na kila anapovaa, aingize mkono ndani kwanza apapase. Kiatu kilichokaa mlangoni kinaingiwa na kokoto, na mtu asiye na hisia atatembea nalo siku nzima.

La pili ni la wote: kausheni kati ya vidole baada ya udhu. Miguu mibichi ndani ya kiatu kilichofungwa, mara tatu kwa siku, ndio fangasi wenyewe. Kitambaa kidogo mfukoni kinatosha. Na kiatu kilekile kila siku hakipati muda wa kukauka, ukiweza kuwa na pea mbili za kupokezana ni bora kuliko pea moja ya bei kubwa.

BodabodaPwani
Kwa nini usinunue zile plastiki za kuvalisha juu ya kiatu, za hospitali? Unaingia nazo ndani, huvui chochote. Mafundi wa kampuni kubwa mjini nimewaona nazo.

FundiBaridi_Unguja
Nilijaribu wiki moja. Kwenye vigae zinateleza, nusura nianguke na mashine ya mtu mikononi. Na kuna bibi mmoja wa Mji Mkongwe alinitazama miguuni, hakusema neno, akaja akakunja mkeka wake na kuuondoa. Nikarudi kuvua.

AbuHaytham_Maskati
Huku Omani wengi tunavaa nali za ngozi, zina kitanzi cha kidole gumba na ukanda juu, na mlango wa msikiti unazikuta zimejaa. Ila mafundi wa huku nao wana shida yako hiyohiyo. Mmoja ninayefanya naye kazi anavaa buti fupi zenye lastiki ubavuni na kitanzi cha kuvutia nyuma. Anaweka kidole kwenye kitanzi, mguu unaingia mara moja. Jambo moja nimeliona: asiziache juani. Akiziacha nje ya msikiti Julai mchana, lastiki inakuwa na mawimbi, hairudi.

MshonaSoli_Tanga
Huyo kasema jambo la maana. Jua linaua lastiki na linalainisha gundi ya soli. Viatu vyako viwekwe upande wenye kivuli, hata kama ni hatua kumi zaidi.

Ibn_Seif
Mnasahau kuna kupaka maji juu ya khofu, zile soksi za ngozi. Ukizivaa ukiwa na udhu, mkaazi ana siku moja, usiku na mchana, msafiri siku tatu. Huoshi miguu, unapaka tu. Soksi nzito nazo wapo wanaozijuzisha. Shida ya maji kwenye kiatu inaisha.

MwalimuWaChuo_Msa
Khofu ndiyo, na ifunike vifundo. Ama soksi, wanazuoni wamehitilafiana, na sisi Mashafi tuna masharti yetu. Amuulize shekhe wake, asichukue fatwa kwenye uzi wa viatu.

Mdau_Minesota
Niko Marekani, nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, navua kama wewe. Huku zimetoka raba zilizotengenezwa makusudi uingie bila mikono: Skechers wana wanazoziita Slip-ins, na kuna Kizik. Nyuma kuna umbo gumu la plastiki linaloongoza kisigino, na nyingine unazikanyaga kabisa zikaruka kurudi. Zangu ni nzuri mno. Mkizikuta kwenye mitumba msizipite.

MshonaSoli_Tanga
Moja ya namna hiyo niliwahi kuletewa. Wazo ni zuri. Ila ile plastiki ya nyuma ikivunjika sikuweza kuibadilisha, imeshikamana na kiatu chote. Kwa anayeipata ikiwa nzima, aichukue.

FundiBaridi, wewe fanya hivi. Usitafute simpo. Tafuta raba ya ngozi ya mtumba yenye kamba, ambayo nyuma inapita kipimo cha dole gumba. Jaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kazi. Simama, usikae. Nyuma ibaki nafasi ndogo tu, kidole chako cha mwisho kiingie kwa shida. Halafu ipeleke kwa fundi akutolee kamba, ashone lastiki pande zote mbili za ulimi kwa ndani, upana wa sentimita 3 au 4. Asishone katikati peke yake, mdomo utafunguka upande na kiatu kitakubana juu. Na nyuma aweke kitanzi cha kuvutia, akishone kwenye ngozi, kisishonwe kwenye bitana tu maana kitang'oka nayo.

Kwa simpo zako za zamani: naweza kufungua bitana na kuweka plastiki ya dumu mahali pa karatasi, nimewafanyia wengi. Inafaa kama ngozi ya nje haijapasuka kwenye mkunjo. Ikiwa imepasuka, plastiki itachomoza na kukukata.

FundiBaridi_Unguja
Wakuu nimerudi, wiki ya sita sasa.

Simpo zote mbili zilikuwa zimepasuka, nimeziacha. Nilikwenda Darajani jioni baada ya alasiri, nikabonyeza visigino vya raba kama kumi na tano. Kumi na moja zilibaki na mkunjo, nyingine zinaonekana mpya kabisa. Nikachukua nyeusi moja ya ngozi, elfu kumi na nane, ukiisukuma nyuma inaruka. Fundi wa mtaani kwetu akanitolea kamba akaweka lastiki pande mbili na kitanzi, elfu saba.

Nikaongeza langu. Nilichukua dumu la mafuta la lita tano, nikakata kipande kwenye kona, pale lilipojipinda lenyewe, urefu wa kiganja, upana wa vidole viwili. Nikasugua kingo kwa msasa. Kipande hicho nakiweka nyuma ya kiatu, kisigino kinateleza juu yake, nakivuta. Kinakaa mfuko wa nyuma wa suruali. Nikiwa na mikono yote miwili nakitumia, nikiwa na mkono mmoja natumia kitanzi. Kuvua nimeacha kukanyaga kwa mguu wa pili, navuta kitanzi.

Wiki sita: nyuma haijalala hata kidogo. Kitambaa cha kufutia miguu nacho, Nesi ahsante, muwasho kati ya vidole umekwisha. Kwenye ngazi kisigino hakichomoki.

Lakini lastiki ya kulia upande wa nje imeanza kulegea. Ya kushoto iko sawa. Sijaziacha juani. Ni nini?

MshonaSoli_Tanga
Ni ile ya kushonea suruali, fundi wako kaweka hiyo? Ivute kwa vidole: ikiongezeka mara mbili ya urefu wake kwa urahisi ni ya nguo. Ya viatu ni ngumu, imefumwa nene. Na mguu wako wa kulia huenda ni mpana kuliko wa kushoto, watu wengi hawalingani. Chora miguu yote miwili kwenye karatasi ukiwa umesimama, uipime pale penye upana.

FundiBaridi_Unguja
Nimeivuta, inazidi mara mbili. Ni ya suruali. Nimechora pia: kulia imezidi kwa karibu nusu sentimita. Hapa Unguja ile ya viatu sijaiona dukani.

Nesi_Morogoro
Kwenye buti za mitumba zilizokufa soli utaikuta, zile zenye lastiki ubavuni alizosema wa Maskati. Mwombe fundi aikate huko.

MshonaSoli_Tanga
Aitazame kwanza kama haina mawimbi. Ikiwa nayo, nitumie kipimo, nitakutafutia huku Tanga.